Mpini wa sosipani, mtoto wa mwaka mmoja na jiko la mezani: naomba uzoefu wenu

#1 MamaIdrisa (Jumapili, saa 3:12 usiku)

Habari zenu wote. Mikono bado inanitetemeka, mtanisamehe nikiandika kwa kurukaruka.

Idrisa wangu ana mwaka na miezi mitatu. Ameanza kutembea mwezi uliopita na sasa hakuna anachokipita bila kukivuta. Tumepanga vyumba viwili, na napikia kwenye kibaraza cha nyuma ambacho hakina mlango, ni uwazi tu unaotoka chumba cha mbele. Jiko langu ni la gesi la plati mbili, liko juu ya meza ya mbao.

Leo asubuhi plati ya kushoto nilikuwa na maharage, ya kulia chai ya maziwa kwenye sosipani ndogo. Idrisa alikuwa ndani na dada yake wa miaka saba. Nikageuka kuchukua sukari kabatini, hatua tatu hazifiki. Nikasikia chuma kinakwaruza. Kugeuka, mtoto kasimama kwa vidole vya miguu, kaning'inia kwenye mpini. Nilimdaka, lakini sosipani ilikuwa imeshainama. Chai ilimwagikia mkono wa kushoto kuanzia kiwiko kushuka, na kidogo kifuani juu ya fulana.

Nilimmwagia maji ya kwenye jagi, sijui kama hata dakika mbili zilifika, kwa sababu jirani alikuja na dawa ya meno akasema inatoa moto, tukampaka. Zahanati walipoanza kuisafisha ile dawa, mtoto alilia kuliko alivyolia wakati anaungua. Sasa amelala. Ana malengelenge mawili mkononi, kifuani pamekuwa pekundu tu.

Swali langu ni hili. Baba yake anasema mpini wa sosipani ugeuzwe uelekee ndani. Mchana nimefanya hivyo, mpini ukakaa juu ya plati ya pili inayowaka, nami nilipoushika nikaungua kiganja. Sasa hiyo "ndani" ni wapi hasa? Na mtoto nimzuieje wakati jiko halina mlango?

#2 BabaNeema (saa 3:40 usiku)

Pole sana mama. Jibu ni rahisi, usiwashe plati mbili kwa pamoja. Washa moja, mpini ulaze juu ya ile iliyozimwa. Mimi kwangu ndivyo ilivyo na watoto watatu wamekua salama.

Halafu usiogope sana, mtoto akishaungua mara moja harudii tena. Wa kwangu mkubwa nilimgusisha kikombe cha uji wa moto kidogo akiwa na mwaka, nikamwambia "moto". Tangu siku hiyo hakukaribia.

#3 FundiMajiko (saa 4:05 usiku)

Mama Idrisa pole, na Mungu ampe mtoto nafuu.

Baba Neema yuko sawa nusu. Mpini juu ya plati iliyozimwa hauna shida mpaka pale mtu mwingine wa nyumbani atakapokuja kuiwasha. Nimeletewa sosipani nyingi za namna hiyo, mpini wa plastiki umeyeyuka upande wa chini, skrubu imelegea, na siku moja sufuria inazunguka mkononi ikiwa imejaa. Kwa hiyo usiizoeshe nyumba yako tabia hiyo.

Fikiria jiko lako kama uso wa saa, wewe umesimama kwenye namba sita na ukuta uko kwenye namba kumi na mbili. Sosipani ikiwa plati ya kulia, mpini wake uelekee moja au mbili. Ikiwa plati ya kushoto, uelekee kumi au kumi na moja. Ukitazama kutoka juu, mipini miwili inafunguka kuelekea ukutani kama pembe za mbuzi. Hakuna unaopita juu ya moto wa mwenzake, na hakuna unaochungulia nje ya meza. Sasa angalia pembeni mwa meza yako. Kama upande wa kulia uko wazi na mtoto anaweza kusimama hapo, basi mbili ni nyingi mno, usipite moja. Kama upande huo umegusana na ukuta au kabati, huna wasiwasi.

Kero yake ni kwamba mpini uliogeukia ukutani huwezi kuushika bila kupitisha mkono juu ya mvuke. Usijaribu. Zima moto kwanza, shika mpini kwa kitambaa kikavu, uzungushe sosipani taratibu mpaka mpini uje kwako, kisha inua. Mpini ukae upande wako kwa muda ule tu ambao mkono wako uko juu yake. Ukiuachia, unarudi ukutani.

Na kuna kitu nashuku kwenye kisa chako. Sosipani ndogo ya chai ina kitako chembamba na mpini mrefu mzito. Kesho, jiko likiwa limezimwa na limepoa, iweke mahali pake, tia maji baridi nusu, halafu bonyeza ncha ya mpini kwa kidole kimoja kushuka chini. Ona inainuka kwa nguvu kiasi gani. Irudie ikiwa karibu tupu. Itainuka upesi zaidi, maana hakuna uzito ndani wa kushindana na mpini. Watu wanadhani sufuria iliyojaa ndiyo ya hatari peke yake, kumbe chai iliyobaki kidogo chini ndiyo inayomfuata mtoto kirahisi.

#4 Zawadi_K (saa 4:21 usiku)

Pole mama. Mimi jiko langu pia ni la plati mbili na linanuka gesi kila nikizima, hasa karibu na mpira. Je, hii inaweza kulipuka? Nimeshabadilisha mtungi mara mbili.

#5 FundiMajiko (saa 4:30 usiku)

Dada Zawadi, hilo si la uzi huu lakini siwezi kuliacha lipite usiku. Funga valvu ya mtungi sasa hivi, fungua madirisha, usiwashe kitu. Kesho fungua valvu bila kuwasha jiko, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, panapotoa mapovu ndipo panapovuja. Shida haiko kwenye mtungi kama umeubadilisha mara mbili na harufu ipo palepale, tazama mpira na vibanio vyake. Fungua uzi wako tuendelee huko.

Ila umenikumbusha jambo kwa Mama Idrisa: mpira wa gesi unapita wapi? Kama unaning'inia mbele ya meza, mtoto atauvuta, na jiko la mezani ni jepesi, linakuja lote na maharage yake. Upitishe nyuma, usibanwe na ukuta wala kukunjika. Na kama una kitambaa cha meza chini ya jiko, kitoe leo.

#6 NesiWaZamu (Jumatatu, saa 12:48 asubuhi)

Nimetoka zamu sasa hivi. Nimekaa wodi ya watoto walioungua kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitaongea upande huo, ya jiko namwachia fundi.

Mama Idrisa, umesema chai ilimwagika mkononi na kifuani. Ndivyo wanavyokuja wengi wa umri huo. Mtoto anavuta kitu kilicho juu yake huku anakitazama, kwa hiyo kimiminika kinashukia uso, kidevu, bega, kifua na ule mkono uliovuta. Juu jeraha ni pana na la kina, chini linakwenda likipungua kwa sababu maji yanapoa yakitiririka. Ulimdaka mapema, ndiyo maana uso umepona.

Baba Neema, nasema kwa heshima, mtoto wa mwaka mmoja haunganishi kikombe cha uji cha jana na sosipani ya leo. Tumepokea watoto walioungua mara ya pili kabla kovu la kwanza halijakauka. Halafu ngozi yao ni nyembamba kuliko yetu. Maji ya nyuzi 60, ambayo hayajakaribia hata kuchemka, yanamwachia mtu mzima jeraha la kina kwa sekunde tano hivi. Mtoto mdogo hahitaji hata hizo. Chai iliyomiminwa kikombeni, wewe ukiwa umeshaanza kuinywa, bado inaweza kumbabua. Hicho kikombe ulichokiita cha moto kidogo kilikuwa cha moto kidogo kwa kidole chako wewe.

Sasa kuhusu dawa ya meno. Haitoi moto. Inafunika joto libaki ndani, inatuficha jeraha tusione kina chake, na kuiondoa ni mateso kama ulivyoona. Hivyohivyo yai, siagi, unga wa ngano na mafuta ya taa. Barafu nayo hapana, inaumiza ngozi ambayo tayari imeumia.

Kinachofanya kazi ni maji baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 20 za saa, maana dakika mbili na mtoto anayelia zinaonekana kama nusu saa. Na kabla au wakati unamwagia, mvue nguo iliyolowa chai. Watu wanaisahau hii. Fulana iliyolowa inashikilia joto kwenye ngozi, na sweta ni zaidi. Kama kitambaa kimegandia kwenye ngozi, kata kuzunguka, usikibandue. Bangili na kamba za mkononi zitoke mapema kabla mkono haujavimba.

#7 MamaIdrisa (saa 1:15 asubuhi)

Asante sana nesi. Sikumvua fulana. Nilikuja kuivua zahanati.

Lakini maji ya kutiririka dakika 20 nayapata wapi? Kwetu bomba linatoka siku mbili kwa wiki. Na je, jana zahanati tulifika baada ya saa moja, ningeweza kumwagia maji hata wakati huo au ilikuwa imeshapita?

#8 NesiWaZamu (saa 1:33 asubuhi)

Ilikuwa haijapita. Maji yanasaidia hata yakianza ndani ya saa tatu tangu kuungua, ingawa dakika za mwanzo ndizo zenye faida kubwa. Kwa hiyo mtu akichelewa asiseme basi tena.

Kama bomba halitoki, tumia ndoo na kopo. Kopo la nusu lita, umimine taratibu kwa nusu dakika, uchote lingine. Kwa dakika 20 utatumia lita 20, yaani ndoo moja ya kawaida. Weka ndoo moja iliyofunikwa, isiguswe kwa kazi nyingine, na ifunikwe vizuri kwa sababu mtoto wa umri huo anaweza kuzama ndani ya ndoo. Mwagia sehemu iliyoungua tu, mwili uliobaki mfunge kwa kanga asipigwe na baridi. Akianza kutetemeka, au kama sehemu kubwa ya mwili imeungua, usishindane na saa. Mfunike, mkimbize.

Ukimaliza kumwagia, usipake kitu. Funika kwa kitambaa safi kisicho na manyoya, kanga iliyofuliwa na kukauka inatosha, au ile plastiki laini ya kufungia chakula, lakini usiifunge kwa kuikaza kuzunguka mkono.

Nani aende hospitali? Weka kiganja cha mtoto mwenyewe, pamoja na vidole vyake, juu ya jeraha bila kuligusa. Kikiwa kidogo kuliko jeraha, nendeni. Uso, mkono, mguu, maungio au sehemu za siri, nendeni hata kama ni padogo. Pakiwa peupe na mtoto halii unapopakaribia, hiyo si nafuu. Hapo ngozi imeungua mpaka chini. Chukua kadi ya kliniki, wataangalia chanjo ya pepopunda.

Idrisa mwangalie wiki hii. Homa, kutapika, vipele au kulegea, hata kama malengelenge yanaonekana yanapona, mrudishe siku hiyohiyo. Na usiyatumbue.

#9 BintiMvita (saa 4:02 asubuhi)

Poleni nyote. Nasoma hapa Mombasa naona mwazungumza mipini tu. Sisi nyumbani sufuria hazina mipini kabisa, ni mdomo uliokunjwa basi, twateremsha kwa vitambaa. Na kupika ni kwa seredani, chini sakafuni. Sasa hapo wa kugeuza ni nini?

Mpwa wangu aliungua miaka miwili nyuma, na hakuvuta chochote. Alikuwa amefukuzana na nduguye, akaja kinyumenyume, akakalia sufuria ya mchuzi. Matako na mapaja. Mamake alikuwa amekaa kwenye kigoda papo hapo, mwiko mkononi. Aliona yote na hakuwahi.

Tangu hapo shangazi aliichukua seredani akaiweka kwenye pembe ya ua, kuta mbili nyuma, na mbele akapanga matofali ya bloku mistari miwili. Mtu mzima apita kwa kuinua mguu, mtoto yamshinda. Na sufuria ikishateremshwa yaingia ndani ya pembe ile ile mpaka ipoe, haiwekwi njiani. Zamani yetu ilikuwa ikiepuliwa yawekwa popote.

Na chupa ya chai je? Twakaa mkekani, chupa na vikombe katikati, na watoto wazunguka. Mimi naona hiyo ni hatari kuliko jiko.

#10 FundiMajiko (saa 4:40 asubuhi)

Dada Mvita umesema kweli, na shangazi yako kafanya kazi ya kifundi. Jiko la chini halina "ndani" ya kugeuzia kitu, lina uzio tu. Ila matofali mawili ni ya mtoto anayetambaa na yule anayesimama dede. Akishatimiza miaka miwili anayapanda.

Nikiongeza, hata ule mtungi mdogo wa kilo 6 unaofungwa kichwa cha kupikia juu yake, mimi nauhesabu kama jiko la chini. Sufuria iko usawa wa kifua cha mtoto, juu ya kitu cha duara chembamba, na akikiegemea kinakwenda. Mwenye mtoto mdogo akipata namna ahamie jiko la mezani. Akikosa, mtungi uingie kwenye fremu ya chuma yenye miguu minne mipana, na fremu ikae pembeni mwa kuta.

#11 BibiWaUsangi (saa 7:10 mchana)

Wajukuu zangu, shikamoo zenu nawadai, marahaba. Sisi tulilea watoto saba kwenye mafiga, moto sakafuni, na hakuna aliyeungua. Siri ni moja, mtoto anakaa mgongoni. Unamfunga kanga vizuri, unapika, analala. Hawezi kuvuta sufuria akiwa mgongoni kwako. Mnahangaika na saa na pembe za mbuzi wakati kanga ipo.

#12 NesiWaZamu (saa 8:25 mchana)

Shikamoo bibi. Nakusikia, na mtoto anayelala mgongoni kweli yuko salama kuliko anayezunguka chini peke yake.

Hofu yangu ni huyu wa mwaka na zaidi, anayeamka na kutaka kuona. Anatoa mkono kupitia kwapani kwako, anashika mwiko. Ukiinama kwenye sufuria naye anainama, na kanga ikilegea anateleza upande. Ukimwagikiwa wewe, mnaungua wawili. Na wengine wanasema mgongoni, ukifika nyumbani kwao unakuta wamembeba kiunoni kwa mkono mmoja, mwingine unaepua. Hiyo ya kiunoni nimeona matokeo yake mara nyingi mno.

#13 BibiWaUsangi (saa 9:02 mchana)

Ya kiunoni nakubali, hata mama yangu alitukataza. Lakini mgongoni siachi. Niambie mama aliye peke yake shambani, hana dada wa kazi, hana mlango, amweke wapi?

#14 NesiWaZamu (saa 9:30 mchana)

Bibi, hapo sina jibu zuri. Ningesema apike wakati mtoto amelala, lakini najua maisha hayaendi hivyo. Labda asiepue wala kukaanga akiwa naye mgongoni. Avumilie apate mtu wa kumshika kwa dakika hizo mbili. Mafuta ya kukaangia yanapita nyuzi 150, hayafanani na maji hata kidogo. Na uji, bibi, uji unaganda kwenye ngozi, hautiririki ukapoa kama chai.

#15 BabaNeema (saa 11:48 jioni)

Nesi nimekuelewa kuhusu kikombe, hilo sitalirudia kwa huyu mdogo. Ila bado naamini mtoto afundishwe. Kwangu nimechora mstari kwa chaki mita moja kutoka jikoni, na wa miaka minne hauvuki.

#16 NesiWaZamu (Jumanne, saa 1:05 asubuhi)

Wa miaka minne mstari unamfaa, na mita moja ni kipimo kizuri. Wa mwaka na nusu anaukalia huo mstari aufute kwa mkono. Kwake ni ubao au ukuta.

#17 MamaIdrisa (Jumanne, saa 2:20 usiku)

Nimewasoma wote, ndugu zangu. Leo nimefanya vipimo, niwape.

Kutoka sakafuni mpaka juu ya meza ni sentimita 74. Jiko linaongeza 12, inakuwa 86. Mpini wa sosipani uko 8 juu ya hapo, jumla 94. Nikamsimamisha Idrisa ukutani, nikashika biskuti juu yake, akajinyoosha kwa vidole vya miguu. Nikaweka alama ya chaki mwisho wa vidole vyake: 97. Yaani mpini ulikuwa ndani ya kiganja chake kwa sentimita 3. Mwezi mmoja nyuma labda hakuufikia, ndiyo maana nilikuwa na amani.

Jaribio la fundi nalo nimelifanya. Ikiwa na maji nusu inainuka kwa kidole kimoja. Ikiwa na kikombe kimoja cha maji, niliigusa tu ikaja yote. Nimeitoa jikoni. Chai sasa naichemshia kwenye sufuria yenye masikio mawili mafupi, kitako kipana, na masikio nayaweka kulia na kushoto, hakuna linalotazama mbele. Kikaango ndicho pekee kilichobaki na mpini, nacho kinakaa plati ya kulia, mpini kwenye namba moja ya ile saa ya fundi. Maharage yanakaa kushoto.

Kuhusu mlango: seremala wa mtaani amenipa bei ya geti dogo la mbao kwenye ule uwazi wa kibaraza. Ameniuliza mbao zisimame au zilale. Nimwambieje?

#18 FundiMajiko (saa 2:51 usiku)

Zisimame. Zikilala atazitumia ngazi. Mwanya kati ya mbao na mbao usizidi sentimita 6, kichwa kisije kikapita au kukwama. Urefu sentimita 75 kwenda juu. Komeo liwe upande wako wa jikoni, chini kidogo ya ukingo wa juu, ili ulifungue wewe kwa kuinama na mkono wake usilifikie kirahisi. Na geti lifungukie upande wa chumbani, siyo jikoni. Likifungukia jikoni, siku komeo limesahauliwa atalisukuma kwa uzito wa mwili wake aingie moja kwa moja mpaka kwenye meza.

#19 BintiMvita (saa 3:14 usiku)

Na dada mtu wa miaka saba? Huyo ndiye atakayeacha komeo wazi. Mwambieni pia asiitwe kuchunga mtoto na kuchota maji kwa wakati mmoja, naye bado mtoto.

#20 MamaIdrisa (Jumamosi, wiki ya tatu, saa 4:33 asubuhi)

Narudi na habari. Malengelenge yamekauka, pamebaki alama ya waridi mkononi, na nesi wa zahanati amesema tumkinge na jua. Homa hakupata.

Geti limewekwa. Siku mbili za kwanza alilia ameshikilia mbao kama yuko mahabusu, moyo uliniuma. Siku ya tatu nilimwekea mwiko na sufuria kuukuu upande wake, akawa anapika na mimi, kila mtu upande wake.

Lakini jana nimeona jambo jipya. Tumetoka kupika, geti nimeliacha wazi kwa sababu moto ulikuwa umezimwa. Idrisa akaja anasukuma ndoo tupu ya rangi kutoka chumbani, akaifikisha mezani, akaigeuza na kuanza kuipanda. Ile ndoo ina sentimita 36. Nimeijumlisha na 97 zake nikakaa chini. Sufuria ya mchuzi ilikuwa bado juu ya jiko, ina mvuke.

Sasa geti linabaki limefungwa mpaka sufuria zote zimepoa, siyo mpaka moto umezimwa. Ndoo, vigoda na kreti la soda vimehamia upande wangu wa geti, chini ya meza nyuma ya mfuko wa mkaa. Kimebaki kiti kimoja cha plastiki cha baba yake anachokalia akitazama mpira, ni chepesi sana. Fundi, au yeyote, mmekifanyaje cha kwenu?

#21 BabaNeema (saa 5:10 asubuhi)

Mimi cha kwangu nimekifunga kwa kamba kwenye mguu wa kabati. Usiku nakifungua.